Neno lipo, maana labda, asili ni porojo

Mwaka 1999 mkazi mmoja wa jimbo la Nevada, Marekani, alitaka kibao cha namba chenye jina la gari lake, Chevrolet Tahoe. Kule mwenye gari anaweza kulipia akachagua herufi zake mwenyewe. TAHOE ilikuwa imeshachukuliwa, basi akachukua herufi tatu za mwisho: HOE. Akaendesha nazo kwa miaka kadhaa. Mwaka 2006 alipokwenda kuhuisha usajili, idara ya magari ikamkatalia ikisema neno hilo ni tusi. Ushahidi iliouweka mezani ulikuwa kurasa kutoka Urban Dictionary, kamusi ya misimu ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuiandikia.

Katika Kiingereza cha shuleni neno hilo ni jembe. Katika Kiingereza cha mtaani ni tusi analotupiwa mwanamke, na hilo halina ubishi kwa yeyote aliyesikiliza rapu ya Marekani. Kwa hiyo kamusi haikuwa imeidanganya idara. Hata hivyo kesi ilipofika Mahakama ya Juu ya Nevada mwaka 2009, majaji waliona kwamba maingizo ya kamusi hiyo, yakisimama peke yake, hayatoshi kuthibitisha kuwa neno halifai. Sababu waliyoitoa ni kwamba kamusi yenyewe inamruhusu mtu kubuni neno jipya, au kulibandika neno la zamani maana ambayo watu hawajaikubali. Mwenye gari akashinda.

Hukumu ile inatufaa sote tunaofungua kamusi hiyo usiku tukitafuta maana ya neno ambalo kijana wa nyumbani ameliandika kwenye hali yake ya WhatsApp. Majaji hawakusema kamusi ni ya uongo. Tunachojifunza kwao ni kwamba ingizo ni kauli ya mtu mmoja asiyejulikana, na kauli ya namna hiyo hupimwa kwa kuulizwa inathibitisha kitu gani hasa.

Tuanze na namna ingizo linavyozaliwa, maana hapo ndipo utani unapopata mlango. Urban Dictionary ilianzishwa mwaka 1999 na Aaron Peckham, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu cha Cal Poly kilichoko San Luis Obispo, California. Aliianzisha kwa kuikejeli Dictionary.com, kamusi ya mtandaoni iliyokuwa na sura ya mwalimu mkali. Utani haukuivamia kamusi hii baadaye. Ulikuwa mama yake mzazi. Mwandishi hujaza neno, fasili, sentensi ya mfano na lakabu yake. Watu wa kujitolea hupiga kura kama ingizo lichapishwe au litupwe. Likishachapishwa, wasomaji huliwekea dole gumba juu au chini. Hakuna hatua ambayo mwandishi anadaiwa aonyeshe alilisikia wapi neno, lini, na kwa nani.

Kwa watunga kamusi wa kazi, hilo ndilo swali la kwanza. Wao hukusanya vipande vya matumizi: sentensi halisi, chanzo chake na mwaka wake. Wakishakuwa na vipande vya kutosha kutoka kwa watu wasiojuana, ndipo neno hupewa nafasi. Nao hukosea. Kamusi kubwa ya Webster ya mwaka 1934 ilikuwa na neno “dord”, lililofasiliwa kuwa ni msongamano wa maada katika fizikia. Neno hilo halikuwahi kutamkwa na mtu yeyote. Kadi iliyosema kwamba herufi D, kubwa au ndogo, ni kifupi cha msongamano iliingia kwenye fungu lisilo lake, ikasomwa kama neno zima. Mwaka 1939 mhariri mmoja alishtuka kuona neno lisilo na maelezo ya asili, akalifukuza. Aligundua kwa sababu kulikuwa na utaratibu, na ingizo lisilo na asili lilionekana kama jino lililong’oka. Katika kamusi ya umma kukosa ushahidi ni hali ya kawaida, kwa hiyo pengo halimshtui mtu.

Kila ingizo la kamusi kama hii linadai mambo matatu kwa pamoja, hata likiwa la mistari miwili. Linadai kwamba neno lipo, yaani watu wanalitumia. Linadai kwamba maana yake ni hii. Na mara nyingi linadai kwamba limetoka mahali fulani. Msomaji wa kawaida huyameza yote matatu kwa mkupuo au huyatema yote. Hapo ndipo anapokosea, kwa sababu uzito wake haulingani hata kidogo. Dai la kwanza mara nyingi ni kweli, la pili lahitaji kupimwa, na la tatu, kwa maoni yangu, lichukuliwe kuwa porojo mpaka lithibitike.

Nichukue mfano ambao nimeutunga mwenyewe ili tuuchambue bila kumwonea mtu. Mgeni anasikia neno “jero” Kariakoo, anafungua kamusi ya umma, anakuta maingizo matatu. La kwanza linasema ni shilingi mia tano za Tanzania, na mfano wake ni “Nipe vitumbua vya jero.” La pili linasema jero ni mtu mnafiki anayekopa harudishi, “kama Jero wa Fomu Tu B, ha ha ha.” La tatu linakubali kuwa ni shilingi mia tano, kisha linaongeza kwamba neno limetokana na herufi za kwanza za kilio cha makondakta wa zamani: “Jamani, Elfu Robo Ongezeni.” La tatu ndilo lenye madole mengi zaidi.

Jaribio la kwanza ni la kubadilisha. Chukua fasili, iweke mahali pa neno ndani ya sentensi ya mfano. “Nipe vitumbua vya shilingi mia tano” inasimama, na ni sentensi ambayo muuza vitumbua angeielewa asubuhi yoyote. Mfano wa namna hii una thamani kuliko fasili yenyewe, kwa sababu mtu anayelijua neno huandika mfano bila kufikiri, ukatoka na harufu ya mahali: bei, bidhaa, namna ya kuomba. Anayebuni huandika mfano ambao kazi yake ni kulionyesha neno tu. Utamkuta ameandika mazungumzo ya watu wawili, mmoja anasema neno na wa pili anacheka au anauliza maana. Watu hawazungumzi hivyo. Ukiona mfano ambao ungebaki na maana ileile hata ukiweka neno lolote lile, jua mwandishi hana alichokisikia.

Ingizo la pili linaanguka hapohapo. Jero wa Fomu Tu B ni jina la mtu, na mwandishi wake ama ni rafiki yake ama ni aliyemkopesha. Aina hii imejaa kwenye kamusi hizo kuliko watu wanavyodhani. Mwezi Novemba 2021 ilivuma kwenye Instagram desturi ya watu kutafuta majina yao Urban Dictionary na kuonyesha wafuasi wao picha ya jibu. Karibu kila jina lilikuwa la mtu mzuri wa sura, mwaminifu, mcheshi, ambaye ukimpata usimwache. Bila shaka walioyaandika walikuwa wenye majina, wapenzi wao, au wenzao waliogombana nao, kwa wale walioambulia fasili za kutukana. Fasili hizo hazituambii chochote kuhusu lugha. Zinatuambia kwamba mtu akipewa ukurasa mtupu na kitufe cha kutuma, ataandika kwanza habari zake.

Mwaka 2018 watafiti watatu, Dong Nguyen, Barbara McGillivray na Taha Yasseri, walichapisha katika jarida la Royal Society Open Science uchunguzi wa maingizo ya kamusi hiyo. Waliona kwamba maingizo mengi hayafasili neno, bali yanatoa maoni ya mwandishi juu ya kitu. Kichwa cha makala yao kilibeba maneno matatu ambayo watu hawakuchoka kuyafasili: emo, upendo na Mungu. Hakuna anayefungua kamusi ya misimu kwa sababu hajui maana ya upendo. Anayeandika hapo anataka kusema lake. Jambo moja walilolikuta linaipa kamusi heshima kidogo: maingizo yenye matusi makali sana kwa kawaida yalipata alama za chini kwenye kura. Kwa hiyo kura zina kazi. Tatizo ni kazi gani.

Dole gumba halina maelezo. Aliyelibonyeza huenda alitaka kusema “ndiyo, kwetu tunalitumia hivyo,” au “nimecheka,” au “huyo Jero kweli mnafiki.” Hesabu inayajumlisha yote kwenye namba moja. Na kwa kuwa mtu anayelijua neno hana sababu ya kulitafuta kwenye kamusi, wapiga kura wengi ni wale wasiolijua. Wasiolijua wataliona vipi kosa? Watalipa kura ingizo lililowafurahisha. Juu ya hayo, ingizo la zamani limekaa dirishani muda mrefu, limeshakusanya madole kabla lililo sahihi halijaandikwa. Ndiyo maana katika mfano wetu kilio cha makondakta kinaongoza. Kura nyingi zinakuhakikishia jambo moja tu, kwamba watu wengi walilisoma ingizo hilo wakalipenda.

Kuliko madole, mimi huangalia tarehe na lakabu. Fasili tano za neno moja zilizoandikwa na watu tofauti katika miaka tofauti, zikitofautiana maneno lakini zikikubaliana kiini, ni mashahidi watano. Fasili tano zilizoandikwa wiki moja, zenye kosa lilelile la tahajia na kichekesho kilekile, ni darasa moja lililochoshwa na kipindi cha mchana. Na neno lenye fasili moja tu, ya mtu mmoja, bila mwingine kuja kuliongezea wala kulipinga, bado halijathibitika kuwepo.

Kisha utoke nje ya kamusi. Hapa kuna tofauti ambayo watunga kamusi huishikilia sana: kulitumia neno na kulitaja neno. Anayeandika “nimebaki na jero tu mfukoni” amelitumia. Anayeandika “je, wajua vijana wanaita mia tano jero?” amelitaja. Neno la kubuni hutajwa mara mia na halitumiki hata mara moja: orodha za maneno mapya, vitabu vya utani, maswali ya “maana yake nini”. Neno la kweli utalikuta kwenye malalamiko ya nauli, maoni chini ya video, mstari wa Bongo Fleva, tangazo la muuza simu, na kote huko hakuna anayesimama kulieleza. Kwenye mtambo wa utafutaji wa Google unaweza kuyaondoa majibu ya kutaja na kuweka mpaka wa tarehe, hivi:

```
"vitumbua vya jero" -maana -kamusi before:2018-01-01
```

Alama ya kutoa inafukuza kurasa zenye neno linaloifuata, na mpaka wa tarehe unakusaidia kujua kama neno lilikuwapo kabla ya ingizo lenyewe. Usiiamini tarehe hiyo kupita kiasi, kwa kuwa ukurasa wa zamani huweza kuongezewa maneno mapya. Ukikosa kitu pia usikimbilie kusema neno ni la uongo. Misimu huishi mdomoni muda mrefu kabla ya kuandikwa, hasa kwetu ambako mengi husemwa kijiweni na kwenye daladala.

Sasa kwa nini watu wabuni maneno? Jibu moja ni kwamba misimu ni lugha ya kuwatambua wenyeji, na mgeni anayeuliza sana huwa kitoweo. Hili halikuanza na mtandao. Mwaka 1992, wakati muziki wa granji wa Seattle umeshika dunia, gazeti la New York Times lilitaka kuwaeleza wasomaji wake msamiati wa vijana wale. Mwandishi akapiga simu, akakutana na Megan Jasper, dada aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya muziki mjini humo. Kwa kuwa hapakuwa na msamiati wowote wa pekee, Jasper akautunga palepale kwenye simu. Mtu asiye wa maana akamwita “cob nobbler”. Kuzurura na wenzako kukawa “swingin’ on the flippity-flop”. Gazeti likayachapa tarehe 15 Novemba yakiwa msamiati rasmi, mpaka jarida dogo liitwalo The Baffler likafichua kuwa ni kiini macho.

Angalia kilichomponza mwandishi yule, kwa maana ndicho kinachomponza msomaji wa kamusi ya umma. Chanzo kilikuwa kimoja. Alimwuliza mtu amtajie maneno, hakuwasikiliza watu wakiyatumia. Na kila neno lilikuwa na ladha, lilikuwa vilevile kama mgeni anavyotarajia misimu iwe. Misimu ya kweli kwa sehemu kubwa ni mikavu. Buku, jero, mkwanja, noma: hayana kichekesho, ni vyombo vya kazi. Orodha ambayo kila neno lake linachekesha imetungwa na mtu anayecheka.

Maneno ya fedha, kwa njia, ndiyo rahisi kuliko yote kuyathibitisha, na nashangaa wanaochunguza misimu hawaanzii hapo mara nyingi. Nairobi, mtu akikwambia kitu ni ashu ni shilingi kumi, mbao ni ishirini, finje ni hamsini, soo ni mia. Ukikosea maana, unapunjwa au unagombana na kondakta. Biashara inasahihisha kamusi kila siku. Maneno ya kutaja tabia za watu, mapenzi na vilevi hayana msahihishaji huyo, na ndiko buni zinakorundikana.

Hadi hapa nimezungumzia utani, ambao mwandishi wake anajua kuwa anadanganya. Hadithi za asili ya neno ni kitu kingine. Anayeziandika kwa kawaida anaziamini, amezipokea kwa mjomba au kwa mwalimu, na anadhani anaelimisha. Kwa sababu hiyo ni ngumu zaidi kuzing’oa.

Iliyo maarufu kuliko zote katika Kiingereza labda ni ya neno “posh”, linalomaanisha kitu cha kifahari, cha watu wa tabaka la juu. Hadithi inasema hivi. Enzi za ukoloni, matajiri wa Kiingereza walisafiri kwenda India kwa meli za kampuni ya P&O, kupitia Mfereji wa Suez. Wakati wa kwenda, vyumba vya ubavu wa kushoto ukitazama omo vilikuwa na kivuli; wakati wa kurudi, vya ubavu wa kulia. Anayeweza kulipa alichagua kushoto akienda na kulia akirudi, na tiketi yake ikagongwa muhuri wa herufi nne, P.O.S.H., vifupi vya maneno ya Kiingereza “port out, starboard home”. Kutoka kwenye muhuri likazaliwa neno.

Ina kila kitu: meli, jua, tabaka, muhuri. Na kinachoipa nguvu ni kwamba sehemu yake ina mantiki. Meli inayokwenda mashariki katika nusu ya kaskazini ya dunia hulipata jua zaidi upande wa kusini, yaani kulia kwake, kwa sehemu kubwa ya mwaka. Msomaji hufanya hesabu hiyo kichwani, anaona inakubali, anaridhika. Lakini alichokithibitisha ni mwendo wa jua. Neno bado hajaligusa.

Kulipima neno kunahitaji maswali mengine. Muhuri uko wapi? Kampuni ile ilibeba abiria kwa makumi ya miaka, na tiketi huhifadhiwa na wajukuu, makumbusho na wakusanyaji. Haijapatikana hata moja yenye herufi hizo. Neno lilianza kuandikwa lini, na hadithi lini? Neno kwa maana ya ufahari linaonekana kwenye maandishi ya Kiingereza kufikia miaka ya 1910. Jarida la vichekesho la Punch lilikuwa na utani unaolihusu mwaka 1918. Hadithi ya meli inaonekana mara ya kwanza mwaka 1935. Yaani hadithi imechelewa kwa miaka kama ishirini baada ya mtoto inayedai kumzaa. Je, neno lilikuwa na maisha mengine kabla? Lilikuwa nayo. Kamusi ya misimu ya Barrère na Leland ya mwaka 1890 inalo posh kwa maana ya kijana mtanashati anayejipamba, na kabla ya hapo lilitumika mitaani kwa maana ya fedha ndogo, huenda kutoka lugha ya Waroma ambamo ni nusu. Kutoka pesa hadi mtanashati, kutoka mtanashati hadi ufahari: safari hiyo haina meli, lakini ina maandishi njiani. Hata hivyo watunga kamusi waangalifu hawasemi kwamba ndiyo asili yenyewe. Wanaandika kuwa asili haijulikani kwa hakika.

Na hapo ndipo siri ya hadithi hizi ilipo. “Haijulikani” ni jibu sahihi lakini halina dole gumba. Hakuna anayelituma kwenye kundi la familia. Meli ya P&O inatumwa. Katika kamusi inayoendeshwa kwa kura, jibu la kweli lililo kavu linashindana na simulizi, na simulizi inashinda kila mara.

Kwa hiyo kirefu cha herufi kichukuliwe kuwa dalili ya ugonjwa. Mtindo wa kuunda maneno kwa herufi za kwanza umeenea sana tangu Vita Kuu mbili za dunia, zama za majeshi na idara. Rada ni mmojawapo wa watoto wake halali. Kabla ya hapo ulikuwa nadra mno katika lugha ya kawaida. Ukiambiwa kwamba neno la mtaani, hasa la zamani, lina kirefu, hesabu kwanza kwamba si kweli. Dalili ya pili ni kirefu chenyewe kuwa sentensi ambayo hakuna mtu angeisema isipokuwa anatafuta herufi. Rudi kwa makondakta wetu wa kubuni: “Jamani, Elfu Robo Ongezeni” si Kiswahili cha kondakta yeyote, na robo ya elfu ni mia mbili na hamsini, si mia tano.

Lakini kutilia shaka kila hadithi nzuri nako ni uvivu wa aina yake. Zipo zenye kupendeza ambazo ni za kweli. Kenya noti ya shilingi mia tano iliitwa Jirongo. Mgeni akiliona hilo kwenye kamusi ya umma, na kusoma kwamba ni jina la mwanasiasa, angeweza kudhani ni kijembe cha mtu. Ukipima kwa maswali yaleyale ya posh, linasimama. Cyrus Jirongo aliongoza kundi la Youth for KANU ’92, lililosifika kwa kumwaga fedha kwenye kampeni za uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1992, na jina la noti likaanza kuvuma wakati huohuo, katika nchi hiyohiyo, mdomoni mwa watu waliozipokea. Hadithi na neno vina umri mmoja. Mashahidi ni wengi na hawakukaa kikao.

Hapa Tanzania noti ya shilingi elfu kumi huitwa msimbazi. Noti ni nyekundu. Klabu ya Simba huvaa nyekundu na makao yake yako Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Huhitaji kumwamini mwandishi yeyote, toa noti uitazame. Asili ya namna hii, ambayo kila kiungo chake kinaonekana na hakuna herufi iliyolazimishwa, ndiyo unayoweza kuikubali bila kumwita profesa.

Kwa misimu yetu kuna ugumu mmoja zaidi ambao kura haziwezi kuutatua. Sheng hubadilika mtaa kwa mtaa na kizazi kwa kizazi. Kijana wa mtaa mmoja wa Nairobi anaweza kulipigia dole la chini neno ambalo jirani yake, au kaka yake mkubwa, analitumia kila siku, na wote wawili wako sahihi. Tunazo kazi zilizochapishwa za kulinganishia. Ireri Mbaabu na Kipande Nzunga walitoa kamusi ya Sheng mwaka 2003 kupitia TUKI, Dar es Salaam. Mwaka 2006 Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling walichapisha katika jarida la Swahili Forum utafiti wa lugha ya mitaani ya Tanzania, ukiwa na kamusi ya maneno na misemo 1100. Neno ukilikuta humo, umejua angalau kwamba mwaka huo lilikuwa likitembea. Usipolikuta hujajua chochote, kwa sababu huenda lilizaliwa mwaka uliofuata.

Kwa sababu hiyo siungi mkono wanaowaambia vijana wasiziguse kamusi za umma. Maneno ya mtaani huchelewa kufika kwenye kamusi za chuo kwa miaka mingi, na mengine hufa kabla hayajafika. Ninachowaomba wanaoziandika ni kidogo. Ukiwa na neno la kwenu, andika mtaa, andika mwaka ulioanza kulisikia, na weka sentensi kama ulivyoisikia kwa mtu, hata kama haichekeshi. Mahali pa asili, kama huijui, paache wazi.